Kung'atuka uhazini wa jumuiya ya waumini: barua, funguo na fedha

Kiongozi yeyote wa waumini anaweza kung'atuka kwa barua ya ukurasa mmoja. Mhazini ana mzigo wa ziada, kwa sababu siku anayoondoka funguo ziko mkononi mwake na saini yake ingali inatambuliwa benki. Barua nzuri isiyo na makabidhiano huwaacha watu wakiulizana, na makabidhiano yasiyo na barua huonekana kama mtu ameondolewa kimyakimya. Mwongozo huu ni wake, awe anahudumu kanisani, msikitini au hekaluni. Katibu au msimamizi wa jengo anaweza kufuata hatua hizihizi na kuacha zile za benki.

Mpangilio ninaoutetea ni hesabu kwanza, kisha mazungumzo, kisha barua, na mwisho makabidhiano. Wengi huanza na barua kwa kuwa ndiyo inayowasumbua moyoni. Tatizo ni kwamba barua ikishatoka, kila pengo litakalogunduliwa baadaye litasomwa kuwa ndiyo sababu ya kuondoka, hata kama ni ada ya benki iliyosahaulika kuandikwa.

Hatua ya 1: Funga hesabu kabla ya kuandika barua

Chagua siku ya kukatia hesabu, ambayo kwa kawaida ni mwisho wa mwezi kwa sababu taarifa ya benki hutoka hapo. Tuseme ni tarehe 31 Mei. Unachotafuta ni kitu kimoja tu: je, kiasi kilicho benki na kwenye kisanduku kinalingana na kile kinachosemwa na daftari lako?

Tuchukue mfano. Taarifa ya benki inaonyesha salio la 4,260,000. Daftari lako linasema 4,187,000. Ukiona tofauti ya 73,000 usishtuke, anza kuitafuta. Kuna hundi ya 180,000 uliyomwandikia fundi umeme, naye bado hajaipeleka benki. Pesa hiyo si yenu tena ingawa bado inaonekana, kwa hiyo itoe. Kuna sadaka ya 95,000 iliyopelekwa benki jioni ya tarehe 31 na itaonekana kwenye taarifa ya mwezi ujao, kwa hiyo iongeze. Salio halisi la benki linakuwa 4,175,000. Daftari bado liko juu kwa 12,000. Ukipitia taarifa mstari kwa mstari utakuta ada za benki za 12,000 ambazo hazikuandikwa. Ziandike, na sasa pande zote mbili zinasema 4,175,000.

Kisanduku cha matumizi madogo kinatakiwa kuwa na 60,000. Unahesabu noti na sarafu na kupata 46,500. Kuna stakabadhi ya 8,500 ya vifaa vya usafi ambayo haijaingizwa. Jumla ni 55,000, kwa hiyo zimepungua 5,000.

Hapa ndipo watu waaminifu huharibu mambo. Mhazini huona aibu, hutoa 5,000 mfukoni mwake na kuzitumbukiza kisandukuni bila kumwambia mtu. Usifanye hivyo. Anayeziba pengo kimya kimya leo anampa mkaguzi wa kesho sababu ya kuuliza ni mara ngapi pesa zake na za jumuiya zimechanganyika. Andika kwenye hati ya makabidhiano: upungufu wa 5,000, haukupata maelezo. Ukitaka kuulipa, ulipe wazi, ukatiwe stakabadhi yenye jina lako. Upungufu mdogo ulioandikwa hauchafui jina la mtu kama ziada au pungufu iliyofichwa.

Baada ya hapo gawanya jumla kwa mifuko. Benki kuna 4,175,000 na kisandukuni 46,500, jumla 4,221,500. Lakini pesa hiyo si ya aina moja. Waumini walipotoa kwa ajili ya ujenzi walitoa kwa nia hiyo. Katika mfano wetu mfuko wa ujenzi una 2,600,000 na mfuko wa wahitaji una 540,000, hivyo mfuko wa matumizi ya kawaida unabaki na 1,081,500. Msikitini jambo hili lina uzito zaidi kwa upande wa zaka, kwani Qurani katika sura ya 9, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaostahili kupewa, na bili ya maji ya jengo haimo. Zaka ikikaa kwenye akaunti moja na michango mingine, hati yako lazima iseme ni kiasi gani.

Kuna dalili moja ya kuitazama kwa makini. Jumlisha mifuko yote yenye nia maalumu. Ikiwa inazidi pesa zote mlizo nazo, maana yake matumizi ya kawaida yamekuwa yakikopa kwenye ujenzi au kwa wahitaji, na pengine kamati haijui. Jambo hili mwambie mwenyekiti uso kwa uso kabla ya barua. Likitokea baada yako, aliyekuja nyuma yako ataonekana ndiye aliyezila.

Orodhesha pia yale ambayo si pesa bado: bili zisizolipwa, masurufu waliyochukua wanakamati bila kuyarejesha na stakabadhi, na ahadi za waumini. Ahadi iandikwe mbali kabisa na salio. Nimeona hati zilizojumlisha ahadi na pesa taslimu, na mhazini mpya akaanza kazi akitafuta fedha ambazo hazijawahi kuwepo.

Hatua ya 2: Zungumza na anayestahili kujua kwanza

Mwenyekiti, mchungaji, imamu au yeyote aliye juu yako asikie kwa sauti yako kabla ya kusoma karatasi. Mazungumzo yawe mafupi: naondoka, tarehe ninayopendekeza ni hii, hesabu nimeshazifunga. Muulize mambo mawili: barua ielekezwe kwa nani, na nani atapokea kama mrithi hajachaguliwa.

Soma katiba au kanuni za jumuiya yenu kabla ya kwenda. Baadhi hutaka notisi ya muda fulani. Kwingine barua peke yake haimalizi cheo mpaka ikubaliwe: paroko wa Kikatoliki anayetimiza miaka 75 anaombwa kuwasilisha barua yake kwa askofu, na askofu ndiye anayeamua kuikubali au kuiahirisha. Kama kwenu mambo yako hivyo, usiache kazi siku ya kuandika. Endelea kupokea sadaka na kukata stakabadhi mpaka upate jibu la maandishi.

Mpaka hapo usiwatangazie waumini, wala usidokeze kwenye kundi la simu. Mwenyekiti anayepata habari kwa wengine ataisoma barua yako kwa uchungu hata iwe na maneno matamu kiasi gani.

Hatua ya 3: Andika barua

Barua inabeba mambo matano: unaacha nafasi gani, lini hasa, kwa nini kwa sentensi moja, shukrani, na utaratibu wa makabidhiano. Tarakimu za fedha zisiwemo. Barua huenda ikasomwa mbele ya watu na itakaa kwenye faili miaka mingi, ilhali tarakimu zitabadilika kabla ya siku ya kukabidhi. Mahali pake ni kwenye hati.

Tarehe ndiyo sehemu inayoharibika zaidi. Watu huandika "hivi karibuni" au "mara mtakapopata mtu mwingine", na miaka miwili baadaye bado wana ufunguo wa sefu. Papa Benedikto wa 16, alipotangaza kujiuzulu tarehe 11 Februari 2013, alitaja siku na saa: tarehe 28 Februari, saa mbili usiku. Akataja sababu yake kwa maneno machache, kwamba nguvu zimepungua kwa umri, akawashukuru waliofanya kazi naye na kuomba msamaha kwa mapungufu yake. Kila kitu kilienea katika tangazo fupi sana. Mhazini hahitaji kutaja saa, lakini siku aitaje.

Kuhusu sababu, sema kweli ila usiseme yote. "Majukumu ya familia yameongezeka" inatosha kama ndiyo kweli. Kama unaondoka kwa sababu ya mgogoro, usibuni ugonjwa, kwa kuwa waumini wanaokuona mzima watajua. Andika kwamba umefikia uamuzi huu baada ya kutafakari na kusali, na uishie hapo. Malalamiko, hasa yanayohusu fedha, yaandikiwe barua yake na kupelekwa kwa anayeweza kuyashughulikia. Ukiyachanganya na shukrani, shukrani itaonekana ya kejeli na malalamiko yatapuuzwa.

Huu ni mfano wa barua kamili, kwa jumuiya yenye kamati na mwenyekiti:

> 5 Juni
>
> Kwa Mwenyekiti,
> Kamati ya Jumuiya.
>
> Ndugu Mwenyekiti,
>
> YAH: KUJIUZULU NAFASI YA MHAZINI
>
> Nakusalimu kwa heshima na upendo. Kufuatia mazungumzo yetu ya tarehe 3 Juni, naiarifu Kamati kwamba ninajiuzulu nafasi ya Mhazini. Siku yangu ya mwisho ya utumishi itakuwa tarehe 30 Juni.
>
> Majukumu yangu ya kifamilia yameongezeka, na siwezi tena kuipa kazi hii muda na uangalifu inaostahili. Ni heri aipokee mwenye nafasi ya kuifanya vizuri.
>
> Namshukuru Mungu kwa kunijalia kutumika, nakushukuru wewe na wanakamati wenzangu kwa kuniamini, na nawashukuru kwa namna ya pekee wale ambao wamekuwa wakihesabu sadaka pamoja nami kila wiki bila kuchoka. Pale nilipomkwaza mtu kwa neno au kwa kuchelewa, naomba radhi.
>
> Hesabu zimefungwa hadi tarehe 31 Mei na nakala imeambatishwa. Napendekeza makabidhiano yafanyike tarehe 28 Juni mbele ya mashahidi wawili watakaoteuliwa na Kamati. Siku hiyo nitakabidhi fedha taslimu, vitabu vya hesabu, hundi, stakabadhi, na funguo zote kwa hati ya maandishi. Naomba pia Kamati ianze taratibu za kubadilisha watia saini benki.
>
> Nitakuwa tayari kujibu maswali ya Mhazini mpya hadi tarehe 31 Julai. Baada ya hapo nitaendelea kuwa nanyi kama muumini mwenzenu.
>
> Wako katika utumishi,
>
> (saini)
> (jina kamili)
>
> Nakala: Katibu wa Kamati

Tazama sehemu tatu za barua hii. Shukrani imetaja kazi mahususi ya watu mahususi, na ndiyo maana inagusa kuliko "nawashukuru wote". Ombi la radhi limetaja neno na kuchelewa. Halikusema "kama nilikosea katika fedha", maneno ambayo mtu mwingine angeweza kuyageuza kuwa ungamo. Na msaada wa baadaye una mwisho. Usipouwekea mwisho, mhazini mpya atakuwa akikuuliza wewe kabla ya kuiuliza kamati, na uongozi utakuwa na vichwa viwili.

Badilisha salamu kulingana na imani yenu. Barua ikienda kwa imamu au mchungaji, tumia jina la cheo ambalo watu humwita ana kwa ana.

Hatua ya 4: Kusanya funguo, pamoja na zile zisizo za chuma

Weka funguo zote mezani. Kila mmoja ufungie kikaratasi chenye namba, na kwenye orodha andika namba hiyo, unafungua nini, kuna nakala ngapi, na nani anazo. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "Na. 3, sefu ya ofisini, nakala 2, moja kwa Mhazini, moja kwa Mwenyekiti." Kikaratasi chenyewe kisiandikwe neno sefu, maana ufunguo huo ukidondoka njiani utamwelekeza mwizi. Jaribu kila ufunguo kwenye kufuli lake kabla ya siku yenyewe, kwani mara nyingi utakuta mmoja ambao kufuli lake lilishabadilishwa zamani.

Ukikumbuka kwamba uliwahi kuchonga nakala na huioni, iandike. Kamati ndiyo itakayoamua kama ibadilishe kufuli. Namba za kufungulia sefu, na namba za siri za aina yoyote, haziandikwi kwenye hati. Mpokeaji anaonyeshwa, kisha anaibadilisha palepale huku wewe umegeuka pembeni.

Halafu kuna laini ya simu inayopokea michango. Ikiwa imesajiliwa kwa jina lako, kumpa mtu kadi hiyo si kukabidhi, kwa sababu bado wewe ndiwe mwenye akaunti na wewe ndiwe utakayeulizwa. Njia safi ni jumuiya kufungua akaunti kwa jina lake, wewe kuhamishia salio lote huko mbele ya mashahidi, kutunza ujumbe wa uthibitisho, na kufunga ile ya zamani baada ya waumini kutangaziwa namba mpya. Hapohapo kumbuka barua pepe ya jumuiya, mafaili yaliyo kwenye kompyuta yako, na majina ya waliosaidiwa kwenye mfuko wa wahitaji. Majina hayo yakabidhiwe yakiwa yamefungwa kwenye bahasha na yafutwe kwako. Mjane aliyepewa nauli hakukubali habari yake ibaki kwenye simu ya mtu aliyekwisha toka ofisini.

Katika mapokeo ya Kiislamu inasimuliwa kwamba Makka ilipofunguliwa mwaka 630, Mtume Muhammad alimrudishia Uthman bin Talha ufunguo wa Kaaba, na wafasiri wengi wanaihusisha habari hiyo na aya ya 58 ya sura ya 4, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Ufunguo ulitoka mkono kwa mkono, mbele ya watu. Fanya vivyo hivyo: usiuache kwa mlinzi, usimtume mtoto, usiupitishe chini ya mlango.

Hatua ya 5: Siku ya kukabidhi

Siku moja kabla, rudia hatua ya kwanza ili tarakimu ziwe za siku hizo. Itachukua muda mfupi kwa sababu kazi kubwa ulishaifanya.

Wawepo watu wanne: wewe, mpokeaji, na mashahidi wawili ambao si ndugu zako wala ndugu za mpokeaji. Paulo alipokuwa akipeleka mchango wa makanisa, aliwaeleza Wakorintho katika waraka wake wa pili, sura ya 8, kwamba waliwatuma ndugu wengine pamoja ili mtu asije akawalaumu. Mashahidi wako wana kazi hiyohiyo. Kama mrithi hajapatikana, pokeeni kwa jina la kamati: mwenyekiti na katibu kwa pamoja, si mmoja wao.

Mpokeaji ndiye anayehesabu pesa, wewe unatazama. Ukihesabu wewe na yeye akaitikia, kesho anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba hakuzishika. Vitabu vya stakabadhi navyo hukabidhiwa kwa namba: zimetumika hadi 0743, zilizo tupu ni 0744 hadi 0800, na zile zilizoharibika bado zimo kitabuni na nakala zake zote. Stakabadhi tupu iliyopotea ni hatari kuliko noti iliyopotea, kwa sababu mtu anaweza kukusanyia pesa kwa jina la jumuiya. Kitabu cha hundi kikaguliwe vivyo hivyo, na isiwepo hata hundi moja uliyoisaini mapema ikiwa haina jina wala kiasi. Ikiwepo, ichaneni pamoja, muandike namba yake.

Hati iwe na tarehe, salio la benki na la taslimu, mgawanyo wa mifuko, madeni na masurufu, orodha ya funguo, orodha ya vitabu, na sehemu ya maoni. Upungufu wa 5,000 uingie hapo kwenye maoni. Wote wanne wasaini kila ukurasa. Chapeni nakala tatu: yako, ya mpokeaji, na ya faili la kamati. Usikubali kuondoka bila nakala yako, hata mkiwa marafiki wa miaka yote. Mpokeaji akisema "tutasaini wiki ijayo", funguo nazo zisubiri wiki ijayo.

Hatua ya 6: Fuatilia benki mpaka mwisho

Mkishasaini hati, benki bado inakutambua. Kwa kawaida benki hudai nakala ya muhtasari wa kikao uliobadilisha watia saini, barua ya kamati, na vitambulisho pamoja na saini za mfano za wapya. Katibu asipoandika kwenye muhtasari jina la anayetoka na la anayeingia, benki huirudisha na wiki zinapotea. Msaidie katibu kuandaa karatasi hizo kabla ya tarehe 30.

Katika kipindi cha kusubiri, jumuiya inaweza kukuomba usaini hundi moja mbili ili bili zisikwame. Kubali kwa masharti: kila hundi iwe na kibali cha maandishi cha kamati, mlipwaji na kiasi viwe vimejazwa tayari, nawe ubaki na nakala. Kuombwa usaini kitabu kizima "ili tusikusumbue" ni jambo la kukataa kwa upole na bila kuyumba.

Jina lako likishatolewa, omba benki au kamati ikuthibitishie kwa maandishi. Karatasi hiyo ibane pamoja na nakala ya barua yako, jibu la kukubaliwa, na hati ya makabidhiano, uziweke zote kwenye bahasha moja, na umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mwako ilipo.